Usimkimbilie askari, itafute kwanza zugizwangi

Swali: Shikamoo mwalimu. Zugizwangi, ile hali ya sataranji ambapo mwenye zamu analazimika kucheza na kila hatua inamharibia, naitambua ikishatokea ubaoni, ila kuitafuta siwezi. Nilikuwa Mweupe, mfalme wangu g6 na askari e4. Mwenzangu mfalme c4 na askari e5. Zamu yangu. Nikaingia f5 haraka ili nilinde askari wangu na kumtishia wake, nikashindwa. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba. Ulichagua mraba sahihi, ila uliuingia mapema mno.

Panga ubao tuutazame. Askari wawili, e4 na e5, wamezibana njia, hakuna anayeweza kusogea. Sasa weka mfalme wako f5 na wa mwenzako d4. Kila mfalme anamlinda askari wake na papo hapo anamtishia wa mwenzake. Wakikaa hivyo hakuna kinachoharibika. Lakini sataranji hairuhusu kuruka zamu, na mwenye zamu hapa hana cha kusogeza isipokuwa mfalme. Mweusi akiwa ndiye wa kucheza, anaweza kwenda c3, c4, c5, d3 au e3, na popote aendapo e5 inabaki bila mlinzi, unamla. Ukiwa ni wewe wa kucheza, una e6, f6, g4, g5 na g6, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoilinda e4. Kwa hiyo picha hii ni zugizwangi kwa wote wawili, na mwenye zamu ndiye anayeshindwa.

Ulipoingia f5, yeye alijibu d4. Picha imekamilika na zamu ni yako. Hapo ndipo mchezo ulipokwisha, hata kama uliendelea kucheza hatua kumi zaidi.

Sasa rudi nyuma hatua moja na ucheze f6. Kutoka f6 unamtishia e5, lakini bado hujaingia kwenye picha ile. Mweusi lazima amlinde askari wake, na mraba pekee anaoweza kufikia kwa kazi hiyo ni d4, kwa sababu d5 umeshikwa na askari wako wa e4. Akishaingia d4, wewe ingia f5. Ubao ni uleule uliokuangusha, tofauti ni kwamba sasa zamu ni yake. Akirudi d3, unakula e5. Kisha akienda e3 kumsumbua askari wako, unasogea f5, naye akifika d4 unasukuma e5. Mfalme wake yuko nyuma ya askari, hawezi tena kumzuia asifike mwisho na kuwa malkia.

Hivyo ndivyo zugizwangi inavyotafutwa: unaanzia mwisho. Kabla hujagusa kete, jiulize ni picha gani mwenzako akiwa na zamu ataharibikiwa. Ukishaiona, hesabu nani atakuwa wa mwisho kuingia ndani yake. Huyo wa mwisho ndiye anayemwachia mwenzake zamu. Wanafunzi wangu wengi huiona picha wakasahau kuhesabu, kisha wanasema walipitiwa, kumbe walihitaji tu kusubiri kwa hatua moja iliyo na kitisho.

Kuna jambo moja linaloweza kuivuruga hesabu yote, nalo ni hatua za akiba. Chukua picha ileile, mfalme wako f5, wake d4, zamu yako. Ongeza askari wako a2 na wake a6. Ghafla hujashindwa tena, maana una kitu kingine cha kusogeza. Ila ukikurupuka kucheza a4, yeye anacheza a5, askari hao nao wanazibana, na zamu inakurudia. Cheza a3. Akijibu a5, wewe a4, na sasa ni yeye asiye na pa kwenda. Askari aliye kwenye mstari wake wa kuanzia anaweza kwenda mraba mmoja au miwili, na uhuru huo mdogo ndio unaokupa nafasi ya kuamua zamu imwangukie nani. Ndiyo maana huwa nawasihi vijana wasisukume askari wa pembeni bila sababu mchezo ukiwa bado umejaa kete. Ile a3 unayoicheza mapema kwa sababu tu hujui la kufanya, saa mbili baadaye unaihitaji na haipo.

Kwa hiyo unapodhani umembana mtu, pitia kete zake zote moja moja, siyo mfalme peke yake. Akiwa na askari mmoja tu mwenye hatua huru, bado hajabanwa. Na akiwa hana hatua yoyote halali huku mfalme wake hajatishwa, hiyo si zugizwangi, ni sare.

Panga ile ya g6 na c4 tena, kisha ucheze upande wa Mweusi zamu ikiwa yake. Utaona naye ana mraba wake wa kusubiria, d3.