Mwezi mpevu ukichomoza baharini: upime kwa kadi na rula

Mwezi wa kumi na nne ukitoka baharini mbele ya ufukwe wa Mama Ngina hapa Mombasa, kila mtu huuona mkubwa kupita kiasi. Saa 5 usiku mwezi huohuo uko juu ya mapaa ya Mji wa Kale, na ni kiduara kidogo cheupe. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa mambo mawili: kwamba ukichomoza huwa karibu zaidi nasi, au kwamba hewa nzito ya chini huukuza kama kioo cha miwani. Majibu yote mawili si sahihi, na la kwanza limegeuzwa kichwa chini.

Anza na hilo la umbali. Dunia ni tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,400 hivi. Mwezi unapochomoza unautazama kwa ubavu wa tufe hilo. Dunia ikishazunguka na kukuleta chini yake, umeusogelea kwa karibu kilomita hizo zote. Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuna miezi unapita karibu na utosi kabisa. Kwa hesabu, basi, mwezi wa utosini ndio mkubwa, ingawa kwa kiasi cha asilimia 1.7 tu, ambacho jicho haliwezi kukigundua. Nayo hewa haiupanui. Inachofanya ni kuipinda miale ya ukingo wa chini kuliko ya ukingo wa juu, hivyo mwezi unaogusa maji huonekana umebanwa, urefu wake umepungua karibu moja ya tano huku upana ukibaki uleule. Hewa inaubonyeza, na wewe unauona umevimba.

Hilo lisikubaliwe kwa maneno tu, maana kupima ni rahisi. Unahitaji rula ya mita moja, kadi ngumu (hata ya mwaliko wa harusi), kibanio cha nguo, na kile kidude cha ofisini cha kutobolea karatasi za faili. Tundu lake huwa na upana wa milimita 6 hivi. Upime wa kwako kwa rula kabla ya kuanza, kwa sababu vingine hutoboa 5.5. Toboa tundu moja karibu na ukingo wa kadi, kisha ibane kadi kwenye rula kwa kibanio, isimame wima na iweze kusogezwa mbele na nyuma.

Kwenye kipande kingine cha kadi toboa tundu dogo sana kwa sindano nene, la kama milimita 1. Hili utalishika mbele ya jicho lenyewe. Wengi hulipuuza, na hapo ndipo kipimo kinapoharibika. Jicho likitazama mwezi haliwezi papo hapo kuona vizuri kadi iliyo umbali wa mkono, kwa hiyo ukingo wa tundu unakuwa na ukungu na hujui mwezi umeingia lini. Ukichungulia kupitia kitundu cha sindano, mwezi na ukingo wa kadi vyote vinakolea. Picha inafifia kidogo, lakini mwezi mpevu una mwanga wa kutosha. Waliozoea kuvaa miwani ya kusomea watafaidika zaidi.

Weka mwisho wa rula kwenye mfupa wa shavu, chini kidogo ya jicho, fumba jicho la pili, na usogeze kadi mpaka upana wa mwezi ulingane sawasawa na tundu. Soma sentimita, andika. Rudia mara tano, na kila mara anza upya, mara kadi ikitokea mbali, mara ikitokea karibu, kwa sababu mkono una tabia ya kurudi pale ulipopakumbuka. Chukua wastani. Kama mwezi ungali unagusa maji, linganisha upana wake, usishughulike na urefu, kwa ile sababu ya kubanwa.

Unatarajia kusoma nini? Mwezi wa kawaida una upana wa nusu nyuzi na ushee, yaani upana wa kitu chochote kinachoufunika ni kama sehemu moja ya 110 ya umbali wake kutoka jichoni. Tundu la milimita 6 litaulinganisha likiwa milimita 660, sentimita 66. Sasa tuseme kweli mwezi wa upeoni ni mkubwa mara moja na nusu, kama wengi wanavyouona. Ingebidi uvute kadi mpaka sentimita 44 ndipo uenee. Tofauti ya sentimita 22 haiwezi kukupita, hata mkono ukitetemeka kwa upepo wa bahari. Utakachokuta ni 66 jioni na 66 usiku, ukosee sentimita mbili tatu huku na huku. Ile tofauti ya kweli ya asilimia 1.7 ni sentimita moja tu, kwa hiyo inafichwa na makosa ya mkono. Usidai umeiona kwa rula.

Rula hiyohiyo lakini inaweza kukuonyesha jambo jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Njia ya mwezi si duara kamili, na kuna miezi mipevu inayotukuta ukiwa karibu na mingine ukiwa mbali. Mwezi mpevu wa karibu kabisa utaupata kwenye sentimita 62 hivi, na wa mbali kabisa kwenye 70. Huo ndio ukubwa halisi, na haubadiliki kwa kuonekana kati ya magharibi na usiku wa manane. Magazeti yakitangaza mwezi mkubwa, watu hutoka kuutazama ukichomoza, halafu wanaisifu ile tofauti ndogo ya umbali kwa kazi iliyofanywa na macho yao.

Kuhusu saa: kwenye usiku wa mwezi mpevu unachomoza karibu na kuzama kwa jua, kwetu kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Usiku unaofuata huchelewa kama dakika 45 hadi 50, na ndio usiku rahisi zaidi kwa kazi hii, kwa sababu giza limeshaingia. Huku karibu na ikweta mwezi hupanda karibu wima, nyuzi moja kila dakika 4 hivi. Ukichelewa nusu saa umeshapanda nyuzi 7 au 8 na ukubwa umeanza kupungua. Mara nyingi kuna mkanda wa mawingu juu ya maji unaoficha dakika kumi za mwanzo. Usikate tamaa, ukitokeza juu ya mkanda huo bado utauona mkubwa. Kwa kipimo cha pili ngoja muda wa saa nne au zaidi, tandika mkeka ulale chali, shingo isikusumbue.

Ukishaamini rula, linabaki swali la kwa nini. Aliyelielekeza mahali pake ni mtaalamu wa elimu ya mwanga Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Kairo karne ya 11. Alisema ukubwa huo ni hukumu ya akili. Ukitazama upeoni, katikati kuna ardhi na vitu vinavyokuonyesha kwamba kule ni mbali, na ukitazama juu hakuna kitu cha kukupimia. Akili ikipokea picha mbili zilizo sawa jichoni, moja ikaihesabu kuwa ya mbali, hiyo ndiyo inayoihukumu kuwa kubwa. Mwaka 1962 watafiti wawili wa Marekani, Lloyd Kaufman na Irvin Rock, walitumia miezi bandia iliyoonekana kupitia vyombo vyao, wakakuta kwamba mandhari ya chini yakizibwa, ukubwa unaondoka.

Hilo nalo unaweza kulijaribu ufukweni. Viringisha gazeti liwe bomba la urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 2, utazame mwezi unaochomoza pasipo kuona maji wala minazi. Wengi huuona ukisinyaa papo hapo. Ondoa bomba, unarudi. Njia nyingine ni kugeuka, kuinama na kuutazama kupitia katikati ya miguu yako. Watoto wataicheka, lakini upeo ukishapinduka akili inapoteza vipimo vyake na mwezi hupungua kwa watu wengi, ingawa si kwa wote.

Hata hivyo maelezo hayo yana tatizo, na ni haki kulisema. Waulize waliosimama nawe: mwezi huu wa chini uko mbali au karibu kuliko ule wa juu? Wengi watasema uko karibu, kinyume kabisa na hukumu ambayo eti akili zao zimetoa. Wapo wanaojibu kwamba akili huhesabu umbali kimyakimya, ikapata mwezi mkubwa, kisha ukubwa huo ndio unaotufanya tuseme uko karibu. Wengine hawaridhiki, na wanatafuta sababu katika namna macho yanavyojirekebisha yakitazama mbali au juu. Watafiti hawajaafikiana. Bahari yenyewe inatatiza, kwa sababu ni tambarare tupu isiyo na minara wala miti, na bado mwezi unaotoka humo tunauona mkubwa. Kama una nafasi, ulinganishe na mwezi uleule alfajiri, ukizama magharibi nyuma ya majengo na milingoti ya Changamwe, useme upi umekujia mkubwa zaidi. Usitarajie jirani yako ajibu kama wewe. Na si mwezi tu: kundi la nyota la Kilimia nalo huonekana limetanuka likiwa chini, likabanana likipanda.

Anayetaka kuikamata ile asilimia 1.7 aache rula, atumie kamera yenye lenzi ya milimita 300. Upana wa mwezi kwenye kihisi cha kamera ni urefu wa lenzi ugawe kwa 110, yaani milimita 2.7 hivi. Kwenye kamera ya kawaida ya megapikseli 24 hiyo ni karibu pikseli 700, na tofauti unayoitafuta ni kama pikseli 12. Picha zote mbili zipigwe usiku mmoja, lenzi isiguswe, na mwanga upunguzwe mpaka madoa meusi ya mwezi yaonekane, kwa sababu picha iliyoungua hutandaza ukingo na kuongeza pikseli za uongo. Ile ya kwanza ingoje mwezi upande nyuzi 5 hivi, upite pale unapobanwa sana. Simu kwa lenzi yake ya kawaida itakupa mwezi wa pikseli 30 tu: zinatosha kumaliza ubishi wa mara moja na nusu, hazitoshi kwa hili.