Maswali na majibu: Kompyuta 18, nenosiri moja

Nenosiri la msimamizi ofisini kwetu lina herufi 16, namba na alama. Bado kuna haja ya kila kompyuta kuwa na lake? (Afisa TEHAMA, Mwanga, Kigoma)

Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi nimechoka. Urefu hausaidii hapa, kwa sababu mwizi hahitaji kulijua neno lenyewe. Windows hulisaga nenosiri kuwa hashi, na nenosiri lile lile hutoa hashi ile ile kwenye kila mashine. Aliyepata haki za msimamizi kwenye kompyuta moja anaichota hashi hiyo, anaipeleka kama ilivyo kwa kompyuta ya pili, nayo inamfungulia.

Niliwahi kuitwa ofisi moja hapa mjini yenye kompyuta 18. Fundi alikuwa ameiandaa moja, akainakili kwenye 17 zilizobaki, na nenosiri likanakiliwa humo humo. Karani wa mapokezi alipewa haki za msimamizi ili printa isimsumbue. Siku moja akachomeka fulashi ya mteja, kumbe ina kirusi. Jioni mafaili ya uhasibu yalikuwa yamefungwa yote, na mhasibu anaapa hajagusa fulashi ya mtu. Alikuwa anasema kweli. Kwenye kumbukumbu ya Security ya kompyuta yake nilikuta tukio namba 4624, aina ya 3, yaani kuingia kupitia mtandao: akaunti ni Administrator, na kompyuta iliyotoka ni ya mapokezi.

Unabisha? Kaa kwenye kompyuta yoyote, weka jina la nyingine hapa, kisha andika nenosiri la hiyo uliyokalia:

```
net use \\UHASIBU01\c$ /user:UHASIBU01\Administrator *
```

Ikikubali, ofisi yako ni kama ile ya karani.

Tukibadilisha jina la Administrator, si inatosha? (Kibirizi)

Haitoshi. Namba yake ya utambulisho inaishia na 500 hata ukiiita Mgebuka.

Nasikia kuna LAPS ya Microsoft, inayoipa kila kompyuta nenosiri lake la msimamizi. Inauzwa bei gani, na inafungwaje? (Kasulu)

Haiuzwi. Tangu Aprili 2023 inakuja ndani ya masasisho ya Windows 10, 11 na Server 2019 na 2022, kwa hiyo anayekuletea ankara yake mwonyeshe mlango. Kila kompyuta hujitungia nenosiri lake, hulituma Active Directory, na usipoiagiza vingine hulibadilisha kila siku 30. Kwenye seva ya domeni unafungua PowerShell na kuanza hivi, ukiweka njia ya kundi la kompyuta zako:

```
Update-LapsADSchema
Set-LapsADComputerSelfPermission -Identity "OU=Kompyuta,DC=ofisi,DC=local"
```

Kisha nenda kwenye Group Policy, sehemu ya LAPS, uwashe `Configure password backup directory` na kuchagua Active Directory. Wengi huruka hapa, halafu wananiandikia kwamba haifanyi kazi. Kompyuta zikishapokea sera, soma nenosiri la mojawapo:

```
Get-LapsADPassword UHASIBU01 -AsPlainText
```

Hukuuliza, lakini nakwambia: angalia nani mwingine anaweza kuyasoma. Kuna waliowapa wafanyakazi wa kawaida haki zote juu ya kundi la kompyuta miaka iliyopita wakasahau, na haki hizo zinawaruhusu kuyasoma manenosiri yote yasiyosimbwa. `Find-LapsADExtendedRights` itakutajia wenye ruhusa.

Tumeirudisha kompyuta kutoka kwenye nakala ya miezi mitatu. Sasa nenosiri la kwenye seva linakataliwa. LAPS imeharibika? (Ujiji)

Haijaharibika. Kompyuta imerudi kwenye nenosiri la zamani, seva inashika la sasa. Kama bado unaweza kuingia kwa akaunti ya domeni yenye haki za msimamizi, andika `Reset-LapsPassword`, basi. Lakini kwa miezi mitatu nina wasiwasi: kompyuta hubadilisha pia siri yake na domeni kila siku 30, hivyo huenda domeni nayo imeshaikataa. Hapo kinachokuokoa ni historia ya manenosiri, iwapo uliiwasha mapema:

```
Get-LapsADPassword PC07 -AsPlainText -IncludeHistory
```

Historia hutunzwa pale tu manenosiri yanapohifadhiwa kwa usimbaji, na usimbaji unadai domeni iwe kwenye kiwango cha 2016 au zaidi. Kama hukuiwasha, andaa fulashi ya kusakinisha Windows upya.

Sisi hatuna seva. Kompyuta ni tano tu. (Tabora mjini)

Basi tumia daftari. Kwenye kila kompyuta fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `net user Administrator *`, uweke nenosiri lake, uliandike, na daftari liingie kabatini lenye kufuli. Usiliweke kwenye faili la Excel kwenye folda ya pamoja, tafadhali. Na msiniletee Tabora01, Tabora02, Tabora03: hata mtoto wa darasa la pili atajua la nne.