Duara dogo kwenye daftari la fundi: kwa mnaoanza kuingiza vipimo

Juzi nimefungua faili la vijana wawili wanaoingiza daftari la fundi cherehani mmoja wa Ilala. Mistari mia mbili na kitu, namba zote zimenyooka, hakuna nafasi iliyo wazi. Nikauliza daftari lenyewe liko wapi. Wakaniambia wameshamrudishia fundi, kazi imeisha. Nikauliza, na vile vialama alivyoweka pembeni mmevipeleka wapi? Wakatazamana.

Wadogo zangu, nawapenda na mna mikono myepesi kuliko mimi. Lakini hili kosa nalijua kwa jina na kwa sura, kwa hiyo leo mnisikilize.

1. Kabla hujafungua eksel, kaa na fundi akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Akusomee yeye, usimsomee. Fundi ameandika daftari lile kwa ajili yake mwenyewe, amesimama, futi shingoni, mteja mbele yake anaongea na simu. Hakuandika kila anachokijua. "K 40, KN 34, H 42, B 18" utaielewa haraka: kifua, kiuno, hipsi, bega. Ila kwa fundi niliyeanza naye mimi, kistari kidogo juu ya namba kilikuwa nusu inchi, na nukta ilikuwa robo. Kwa fundi wa duka la pili, nukta haikuwa na maana yoyote, ilikuwa kalamu imegusa karatasi. Kila daftari lina lugha yake. Ukishamsikia akisoma ukurasa mzima, utajua ni wapi anasita, na pale anaposita ndipo utakapoharibu.

Robo na nusu andikeni kwa desimali: 17.25, 17.5, 17.75. Ukiandika 1/2 peke yake, eksel itakugeuzia tarehe.

2. Ingiza kwanza kilivyoandikwa, halafu ndipo utafsiri. Maana yake safu mbili: moja ina kile kilichomo kwenye karatasi pamoja na vialama vyake, nyingine ina namba utakayoitumia. Najua inachosha. Mimi pia nilidhani inachosha, ndiyo maana nina hadithi ya tatu.

3. Daftari nililoingiza mimi lilikuwa na kurasa kama mia na arobaini. Nikaona kwenye safu ya kifua kuna namba za arobaini arobaini, na kuna namba za ishirini na kitu. Mtu mzima hawezi kuwa na kifua cha inchi 22. Nikajisemea: hapa fundi amepima nusu, nguo imelazwa mezani, kwapa kwa kwapa. Basi nikaandika hii:

```
=IF(C2<26, C2*2, C2)
```

Nikaiburuta mpaka chini. Wa 22 akawa 44, wa 21 akawa 42. Kisha nikaona sare za shule: mtoto mwenye kifua 24 na bega 11 amekuwa 48. Nikawatoa watoto wote, nikawarudisha kwenye namba zao. Nililala usingizi mzuri siku ile, nikiamini nimelikamata kosa. Kumbe nililikamata nusu yake.

Miezi miwili baadaye alikuja mzee kushonewa suti ya Kaunda kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alikuwa mteja wa zamani. Kijana wa kukata hakumpima, kwa sababu tulishamwambia vipimo vyote vimo kwenye kompyuta. Akafungua, akakuta kifua 44. Shati la Kaunda wao huachia inchi tano ili mtu apate nafasi ya kupumua na kunyoosha mkono, akaongeza tano, akakata kwa mzunguko wa 49.

Mzee alikuja kujaribu siku nne kabla ya harusi. Mabega yalikaa sawasawa, kama yamechorwa. Suruali ilikaa sawa kiunoni. Lakini kuanzia kwapani kwenda chini nguo ilimwagika. Fundi hakusema neno. Alichukua futi, akampima mzee kifuani juu ya fulana: 40. Kisha akaniita, akafungua daftari lile la zamani, akaweka kidole pembeni ya jina. Palikuwa na duara dogo.

"Hili duara ulilifanya nini, mwanangu?"

Nilidhani lina maana ya mteja ameshalipa, kwa hiyo sikuliingiza popote. Duara lile lilikuwa na maana kwamba mzee hakupimwa mwilini. Alileta shati lake la Kaunda la mfano, fundi akalilaza mezani, akapata 22. Ukizidisha mara mbili ni kweli unapata 44, lakini hiyo 44 ni ya nguo, na ndani yake inchi nne za nafasi zimeshakaa. Hazikuwa za kuongezwa tena. Mimi nilisahihisha hesabu, na hesabu haikuwa na tatizo. Niliyoipoteza ni habari ya kwamba kipimo kilitoka wapi.

Na angalieni kwa nini bega na kiuno havikutuonya. Bega halizidishwi wala haliachiwi, 18 ya mwilini na 18 ya mezani hukaribiana. Kiuno cha suruali huachiwa kidogo sana au hakiachiwi kabisa. Kinachoumia ni kifua na hipsi za nguo zinazoachiwa sana: Kaunda, koti, kaftani. Kwa hiyo mkikuta nguo imekaa vizuri mabegani na imekuwa gunia kifuani, msimlaumu mkataji kwanza. Nendeni mkaangalie asili ya kipimo.

Kuna watu hudhani nguo kubwa si msiba, inapunguzwa tu. Nilikaa pale nikaangalia inavyopunguzwa. Kutoa inchi tano pembeni ni kutoa mbili na nusu kila upande, nusu yake inatoka kwenye kipande cha mbele. Lakini shati la Kaunda lina mifuko mbele, na ile ya chini ilikuwa imeshashonwa. Ukiingiza mshono wa pembeni, mfuko unabaki umeegemea ubavu wa nguo kama mtu aliyesukumwa kwenye daladala. Fundi akalazimika kufumua mifuko miwili ya chini, kuisogeza katikati, na kuishona upya. Kitambaa kilikuwa cha kijivu kilicholala, cha kuheshimika, na pale mfuko ulipokuwa pakabaki vitundu vya sindano kwenye mstari. Alivipiga pasi ya mvuke, akavikwaruza kwa ukucha taratibu, vikafifia. Havikuisha. Mzee alivaa, alishukuru, na hakusema lolote. Mimi kwenye harusi ile nilikuwa naona vile vitundu tu.

Kilichofuata ni kurudi kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta maduara. Kwa sababu sikuwa na safu ya kilivyoandikwa, na majibu ya ile fomula nilikuwa nimeyabandika juu ya namba za mwanzo, faili halikuweza kuniambia ni 44 ipi ya mwilini na ipi niliitengeneza mimi. Siku tisa. Sasa kila mstari wangu una hivi:

```
nguo  | kipimo | kilivyoandikwa | namba | asili
Kaunda| kifua  | 22 o           | 44    | nguo
Kaunda| bega   | 18 o           | 18    | nguo
```

Safu ya `asili` ina majibu matatu tu: mwili, nguo, haijulikani. Mkataji akiona "nguo" haongezi kitu. Akiona "haijulikani" anampigia mteja aje kupimwa. Msione aibu kuandika "haijulikani". Hao vijana wa Ilala hawana hata moja, na hilo ndilo lililonitisha.

4. Tarehe ya kuchukua. Fundi wangu huandika siku na tarehe pamoja, "Jmos 6/4", na hiyo siku ni zawadi, msiitupe. Mwaka 2024, tarehe 6 Aprili ilikuwa Jumamosi kweli, siku nne kabla ya Idi. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani huisoma 6/4 kuwa 4 Juni, na 4 Juni 2024 ni Jumanne. Kwa hiyo wekeni safu ya pembeni:

```
=TEXT(F2,"dddd")
```

halafu mlinganishe na siku aliyoandika fundi. Hata bila hiyo, kuna dalili ya macho: kwenye mashine ya aina hiyo tarehe kama 18/4/2024 hushindwa kugeuzwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na nane, hivyo hubaki maandishi na kulala kushoto wakati nyingine zimelala kulia. Mkiona safu ya tarehe imegawanyika hivyo, simameni hapo hapo. Zile zilizolala kulia ndizo mbovu.

Na akiandika "Idi" bila namba, ulizeni Idi ipi. Mwaka ule Idi ndogo ilikuwa 10 Aprili na Idi kubwa ilikuwa Juni. Dira la mtu likikosea Idi limekosea miezi miwili, na mwenyewe hatakuelewa.

5. Majina. Mama Junior ni wangapi mjini? Kwenye daftari lile walikuwa watano, na mmoja wao aliandikwa pia "Mama Junior mwalimu" na mahali pengine "Mwl." peke yake. Msiwaunganishe kwa jina, wala msiwaunganishe kwa namba ya simu peke yake, kwa sababu namba ya mama hutumika kwa watoto, kwa mume na kwa mdogo wake aliyetoka kijijini. Mimi huangalia bega na urefu wa mgongo, ambavyo kwa mtu mzima havibadiliki sana hata akinenepa. Kiuno cha 30 mwaka jana na 34 mwaka huu kinaweza kuwa mtu mmoja. Bega la 14.5 na la 16.5 ni watu wawili, hata kama simu ni moja. Nikibaki na shaka, naacha mistari miwili na kumpelekea fundi orodha jioni, wakati wa chai. Humaliza kumi kwa dakika tano: "Huyu ndiye, huyu siye, huyu alihamia Mbagala."

Na mtu huyo huyo akipimwa tena, usifute cha zamani. Ongeza mstari wenye tarehe yake.

La mwisho kwa hao wa Ilala: wakati mnaingiza, fundi alikuwa anaendelea kupima watu na kuandika kwenye daftari lile lile. Rudini leo mkaombe kulitazama, pigeni mstari kwa kalamu nyekundu chini ya jina la mwisho mliloliingiza, andikeni tarehe. Kisha anzeni ukurasa wa kwanza, mkitafuta vialama. Nitakuja Alhamisi, nitaleta futi.