Kuomba mchango wa bili ya hospitali bila kumuaibisha mtu

"Mwenzetu wa kikundi amelazwa na mimi ndiye nimepewa kusimama kuomba mchango. Mara ya mwisho mshereheshaji alitaja majina na kiasi kwenye spika, na wengine hawakurudi tena kikundini. Nifanyeje?"

Nimesimamia michango kadhaa hapa Malindi, nikupe mmoja. Mvuvi wetu alivunjika mguu akapasuliwa. Baada ya bima ya afya ya SHA kulipa sehemu yake na familia kutoa walichokuwa nacho, lilibaki deni la shilingi 130,000. Hesabu hiyo niliisoma mbele ya watu kutoka kwenye bili yenyewe, maana mtu hafungui mfuko kwa kiasi cha kukisia. Kisha tukaigawa: hisa moja 1,000, na nusu hisa ipo.

Kabla ya siku yenyewe nilizungumza faraghani na watu watatu wenye uwezo. Wakakubali, lakini niliwaomba wasianze wao. Akianza wa 20,000, mwenye 500 anameza mate na kunyamaza. Aliyefungua ni mama muuza mahamri, kwa hiari yake: "Mie nusu hisa, nyengine baada ya Ijumaa." Hapo mikono ikaanza kuinuka. Wale wakubwa waliingia katikati, pale mchango ulipoanza kulegea.

Wasiotaka kusema mbele za watu tuliwapa vikaratasi. Siri yake ni kwamba kila aliyekaa ukumbini anapewa, na kila mmoja anakikunja na kukirudisha kapuni, hata kiwe kitupu. Kwa hivyo kapu likipita mbele yako huna haja ya kujificha. Kikaratasi kina jina, kiasi na tarehe ya kulipa. Tarehe aiweke mwenyewe: mwalimu anangoja mwisho wa mwezi, na mvuvi wakati wa kusi bahari imechafuka hana tarehe ya kukuapia, usimbane. Mweka hazina aliandika ubaoni jumla tu.

Ile orodha ya WhatsApp, ya majina yaliyopangwa na mbele yake kiasi, mimi siipendi kabisa. Nafasi tupu mbele ya jina la mtu ni spika ileile, tena haizimwi. Sisi tulituma jumla kila jioni, basi.

Siku ile taslimu na M-Pesa zilifika 58,000, ahadi 83,000. Ukijumlisha utaona imepita deni, na tuliisukuma ipite makusudi kwa sababu ahadi hazitimii zote. Hospitali nayo haihesabu ahadi kuwa pesa, kwa hiyo familia ilikwenda mapema ofisi ya uhasibu na ile taslimu, wakaandikiana jinsi ya kulipa salio ndipo mgonjwa akaruhusiwa.

Kukumbusha ni kazi ya mweka hazina peke yake, kwa simu, mara moja baada ya tarehe aliyojiwekea mtu. Akisema mambo yamebana, anaambiwa "haina neno" na jina linafutwa. Kati ya zile ahadi zilikuja 70,000, na 2,000 zilizopungua tulizitoa kwenye mfuko wa kikundi.