Maswali na Majibu: Filamu za mapenzi na machozi yetu

Wiki hii nimechagua maswali ya filamu za mapenzi za kuliza watu. Mifano yangu mingi inatoka Kal Ho Naa Ho, filamu ya Kihindi ya mwaka 2003, kwa sababu wengi wenu mmeiona na ndiyo mnayoniulizia zaidi. Ambaye hajaiona aache kusoma, akaitazame kwanza.

Kal Ho Naa Ho nimeshaiona mara nyingi tu. Najua Aman atakufa, na bado kila mara nalia. Nina tatizo gani? (Msomaji, Tanga)

Huna tatizo, ndugu yangu. Unalia kwa sababu unajua.

Kumbuka jinsi mambo yanavyopangwa. Naina anakwenda kwa Aman moyo umemjaa, amekwenda kumwambia kwamba anampenda. Kabla hajalitoa neno hilo, Aman anamwambia ameoa na kumwonyesha picha ya mke. Ni uongo. Mwanamke huyo ni Priya, daktari wake, na Aman ana ugonjwa wa moyo ambao hautapona. Sisi siri hiyo tunapewa mapema, Naina hapewi. Kuanzia hapo kila tendo la Aman tunalisoma mara mbili. Akicheza na kutania, Naina anaona jirani mchangamfu, sisi tunaona mtu ambaye siku zake zinakwisha. Akimsukumia Naina kwa rafiki yake Rohit, Naina anaona mtu asiyemtaka, sisi tunaona anayemtaka kuliko wote.

Unakaa na siri hiyo kwa muda mrefu, na huwezi kumnong'oneza Naina hata neno moja. Hapo ndipo machozi yanapojikusanya. Yanamwagika siku Naina anapoupata ukweli, kwa sababu sasa anajua kile unachokijua wewe, na kujua kwake hakuokoi chochote. Mhakiki Steve Neale aliliandika jambo hili mwaka 1986, katika makala kuhusu machozi na melodrama, yaani filamu za hisia kali kama hizi: tunalia pale mhusika anapofikia tulipofika sisi, akiwa amechelewa.

Kwa hiyo kuirudia hakuipunguzii nguvu. Mara ya kwanza ulisubiri mpaka filamu ikupe siri. Mara ya pili unaingia nayo tangu Aman anapotokea, na hata utani wake wa mwanzo unakuchoma. Wanaolalamika kwamba fulani amewasimulia mwisho wanachanganya filamu ya upelelezi na filamu ya mapenzi.

Kwa nini Jack wa Titanic hakupanda na Rose kwenye ule mlango? Nafasi ilikuwepo! (Wasomaji wengi mno)

Alijaribu, ubao ukapinduka. Imeonyeshwa. Swali hili naletewa na watu ambao walikuwa wanajibu meseji wakati wa tukio lenyewe, na hili ndilo jibu langu la mwisho.

Afadhali mngeniuliza kwa nini mwanzoni kabisa, kabla meli haijang'oa nanga, bibi Rose anaonyeshwa kwenye kompyuta jinsi ilivyozama: pua inashuka, mkia unainuka, meli inakatika, mkia unasimama wima na kushuka. Mwongozaji James Cameron alitaka somo hilo liishe mapema. Zaidi ya saa mbili baadaye, meli inapokatika kweli, hauko tena kwenye kuuliza nini kinatokea. Akili yako yote iko kwa watu wawili walioshikilia reli.

Naandika skripti ya filamu ya mapenzi. Binti anakufa kwenye dakika ya kumi na tano, mchumba wake analia sana, anagaagaa chini. Niliowasomea hakuna aliyelia. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

Umekosea mara mbili, na makosa yako ndiyo ya filamu zetu nyingi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kosa la kwanza, umemuua binti kabla hatujamjua. Dakika kumi na tano zinatosha kutuambia jina lake na kwamba ni mzuri. Kal Ho Naa Ho ina zaidi ya saa tatu, na kipande kikubwa cha mwanzo ni vichekesho: majirani, bibi mkali, mkahawa wa mama usiopata wateja. Kipande hicho si cha kupotezea muda. Ndicho kinachotufanya tuione nyumba ile ni ya kwetu, na tukijua Aman ataiacha, tunahuzunika kama wenyeji.

Kosa la pili, mchumba wako amelia kwa niaba yetu. Mwigizaji akigaagaa, mtazamaji anabaki kumwangalia anavyogaagaa. Anza upya kutazama tukio la daftari. Naina amekasirika, hamtaki Rohit. Aman anachukua daftari la Rohit, analifungua na kumsomea Naina maneno ya mapenzi aliyoandika Rohit. Anasoma kwa sauti tulivu, anafunua ukurasa, anaendelea. Kisha tunaonyeshwa zile kurasa: hazina hata herufi moja. Kila neno lilikuwa la Aman mwenyewe, na amempa mwanaume mwingine sifa zote. Angalia alivyolishika daftari lile, macho yanapanda kwa Naina na kurudi kwenye karatasi tupu kama msomaji wa kweli. Anajizuia, na kwa kuwa yeye anajizuia, anayelia ni wewe.

Sasa tuitengeneze skripti yako. Mwache binti aishi mpaka karibu na mwisho. Siri mpe yeye na sisi: katika tukio la mapema tumwone akikunja kadi ya hospitali na kuificha chini ya nguo kwenye begi. Mchumba hajui. Huyo yuko mbioni kukamilisha mahari, na siku moja anampeleka binti kwa seremala kumwonyesha kitanda alichoagiza. Anamwuliza: tano kwa sita kinatosha, au tuongeze kiwe sita kwa sita? Binti anajibu kwamba tano kwa sita kinatosha, na anapitisha mkono kwenye mbao ambazo bado hazijapigwa msasa. Asilie. Asigeuke pembeni kujifuta. Ongeza tukio moja baada ya mazishi: fundi anapiga simu kusema kitanda kimekamilika. Wasomee tena watu wako.

Na muziki. Usiweke kinanda cha huzuni tangu majina yanapopita. Wimbo mkuu wa Kal Ho Naa Ho tunausikia kwanza ukiwa na matumaini. Unarudi baadaye umepunguzwa mwendo, sauti zimelegea, na sisi tayari tunaujua. Mtunzi anayelia tangu dakika ya kwanza hana pa kushuka.

Jambo moja ambalo hukuniuliza. Hukuandika binti anaugua nini, na nahisi hata wewe hujaamua. Nimechoka na mgonjwa wa filamu mwenye dripu iliyobandikwa juu ya mkono wa gauni, anayekohoa mara mbili na kukata roho akiwa na rangi ya mdomo. Nenda kwa daktari au muuguzi, mwulize ugonjwa huo unaanzaje, mgonjwa anadhoofika vipi, anatumia dawa gani. Mtazamaji aliyewahi kuuguza mtu wake atalijua kosa lako mara moja, na huyo ndiye ambaye angelia kuliko wengine.

Natamani kumpata mwanaume kama Aman, anayempenda mtu mpaka anajitoa hivyo. Wako wapi siku hizi? (Dada, Nairobi)

Dada yangu, usimtamani. Mtu huyo alimdanganya Naina kuhusu jambo kubwa kuliko yote, kisha akamchagulia mume. Hakumpa nafasi ya kusema: nipe hizo siku chache zilizobaki, nitazichukua. Pengine Naina angezichukua. Filamu inajua hilo, ndiyo maana haiwaachi wawili hawa wakae chini walizungumze mapema. Wangezungumza, filamu ingeisha.

Hapo ndipo ninapotaka muwe macho. Melodrama inahitaji mtu anyamaze, na inampamba anayenyamaza mpaka kunyamaza kuonekane ndiyo mapenzi yenyewe. Kwenye kioo kunatuliza roho zetu kwa saa tatu. Nyumbani, mwenzako akikuficha ugonjwa, deni au mtoto "kwa faida yako", amekunyang'anya haki ya kuamua maisha yako. Lia na Aman, lakini uolewe na anayesema.

Mwanaume kulia kwenye muvi ni sawa? (Msomaji, Morogoro)

Ni sawa. Jack, Aman na wenzao waliandikiwa wewe pia.

Filamu iliyotafsiriwa na ile yenye sauti yake ya asili, ipi inaliza zaidi? (Msomaji, Dodoma)

Inategemea anayetafsiri anajua kunyamaza au hajui. Nawaheshimu watu hawa. Wamewafikishia filamu za Kihindi maelfu ya watu ambao wasingeelewa neno, na vibanda umiza vingi vimeishi kwa sauti zao. Mtafsiri mzuri anakueleza ukoo, anakukumbusha nani alimdanganya nani, kwa hiyo siri unaishika vizuri zaidi. Tatizo ni matukio ambayo hayana maneno. Nimekaa kwenye kibanda ambako tukio la daftari lilichezwa, na kabla kamera haijafika kwenye karatasi, sauti ikapasua spika: "Hajaandika kitu humo, anamdanganya!" Watu walicheka. Picha ile inatakiwa uione kwa macho yako, na uchelewe nusu sekunde kuielewa. Akiisema mapema, ameichukua.

Siku hizi kila mtu ana simu na wazazi hawazuii tena ndoa kama zamani. Filamu hizi zitaendelea kupata watu? (Msomaji, Mombasa)

Zitaendelea, ila kizuizi kimehama. Zamani kilikuwa nje ya wapenzi. Katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 mwana wa mfalme Salim anampenda Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu, na anayekataa ni baba, mfalme Akbar mwenye jeshi. Hapakuwa na haja ya mtu kuficha kitu, ukuta ulionekana. Mtunzi wa leo akiweka baba mkali tu, mtazamaji wa mjini anauliza kwa nini wasipande basi waondoke. Akiweka barua iliyopotea, anauliza kwa nini hakutuma meseji.

Kwa hiyo kizuizi kimeingia ndani ya mtu. Aman ana simu, Naina ana simu, wanakaa jirani, na hakuna mzazi aliyewafungia mlango. Hakuna kinachomzuia kusema isipokuwa uamuzi wake, na uamuzi wa mtu hakuna simu inayoweza kuupita. Ndiyo maana filamu ile haijazeeka, na ndiyo maana magonjwa yamejaa kwenye filamu za mapenzi za miaka hii: ugonjwa ni siri ambayo mtu anaweza kuibeba peke yake huku akitabasamu.

Simu inayoniogopesha ni ile iliyo mkononi mwa mtazamaji. Filamu hizi zinakudai ukumbuke kitu kidogo ulichokiona saa moja iliyopita: picha ya mke wa uongo, daftari, wimbo uliosikika ukiwa na matumaini. Ukiikosa picha hiyo ya mke kwa sababu ya kuangalia nani amekutumia nini, Naina akija kuujua ukweli utamwona mwanamke analia tu, na utaniandikia kuuliza kwa nini hakupanda mlango.