Mimea ya kutuliza wasiwasi pamoja na dawa ya hospitali

Swali: Natumia sertralini miligramu 50 kwa ajili ya wasiwasi, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango. Usiku nakunywa chai ya kamomili na kidonge cha magnesiamu cha miligramu 400. Juzi rafiki amenipa vidonge vya mimea vilivyoandikwa Hypericum perforatum. Je, naweza kuvichanganya vyote?

Jibu: Hivyo vya rafiki yako usivimeze, dada. Mmea huo una ushahidi kwa sonona ya kiasi, lakini kwa wasiwasi ushahidi wake ni hafifu, na kwako hatari zake ni mbili.

Ya kwanza, sertralini na mmea huo vyote huongeza serotonini, kemikali ya ubongo na neva, mwilini. Ikizidi, mtu hutokwa jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio na hawezi kutulia. Mtego uko hapo: dalili hizo hufanana na wasiwasi wenyewe, kwa hiyo mtu hudhani dawa haijamtosha, akaongeza kidonge kingine. Ukiona zimeanza saa chache baada ya kuongeza kitu kipya, tena kuna kuharisha, homa, au misuli inayokakamaa na kurukaruka, huo si wasiwasi wa kawaida.

Ya pili huja kimyakimya. Mmea huo huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja homoni za uzazi wa mpango, zikaisha nguvu kabla ya wakati. Kutokwa na damu katikati ya mwezi huweza kuwa ishara, ila mimba huweza kuingia bila ishara yoyote.

Chai yako endelea nayo, mradi hutumii warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na huna mzio wa mimea jamii ya alizeti. Kamomili imejaribiwa kwa haki: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa walitumia dondoo yake miligramu 1,500 kwa siku. Walioendelea nayo walibaki na dalili nafuu, ingawa haikuthibitika kwamba inazuia wasiwasi kurudi. Hiyo ilikuwa dondoo iliyopimwa. Kikombe chako hakina kipimo.

Magnesiamu ina tafiti ndogo na dhaifu. Soma lebo vizuri: miligramu 400 za oksidi ya magnesiamu zina takriban 240 tu za magnesiamu yenyewe. Kama 400 ni magnesiamu halisi, umepita kikomo cha 350 ambacho Wamarekani wamewawekea watu wazima kwa virutubisho, na tumbo la kuharisha litakuambia mapema. Mwenye figo dhaifu asiiguse bila daktari.

Kama tayari umevimeza vile vya rafiki, viache, lakini sertralini usiikatize. Tumia kondomu kwa siku 28 zaidi, kwa sababu ini halirudi hali yake mara moja. Dalili nilizozitaja zikitokea, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na makasha yote mkononi. Wengi hawataji mimea wanapoulizwa dawa wanazotumia.