Mboga zinaozea mezani: punguza oda kabla hujafikiria kushusha bei

"Wakuu, nauza mboga za majani. Naagiza mafungu 100 kila baada ya siku mbili, lakini kama 20 naishia kuyatupa. Nikishusha bei jioni, wateja wanazoea kuja jioni tu. Nifanyeje?"

Mkuu, nimepita hapo hapo, na mafungu ni yale yale 100. Nilidhani tatizo ni jioni, kumbe lilikuwa asubuhi, wakati wa kuagiza.

Tuseme fungu unalinunua kwa 6 na kuliuza kwa 10. Ukiuza 80 unapata 800, na mzigo ulikugharimu 600, unabaki na 200. Mimi nilianza kuagiza 45 kila siku. Kwa siku mbili ni mafungu 90, mtaji 540. Siku nyingi yalikwisha yote, mauzo 900, zikabaki 360. Safari ya pili sokoni ilinila 60, lakini bado 300 ni zaidi ya 200, na pipa likabaki tupu. Kama kwako usafiri unazidi tofauti hiyo, usinifuate. Tafuta jirani mshirikiane safari.

Sasa, 45 niliipataje? Kwa daftari. Kwa siku kumi niliandika mafungu yaliyouzwa, yaliyobaki, na saa mzigo ulipokwisha. Ukikwisha mapema, niliongeza idadi ya walioulizia wakakosa, maana usipowahesabu hao utadhani wateja wako ni wachache kuliko walivyo. Nikapanga siku zangu kuanzia ndogo: 38, 40, 42, 44, 45, 47, 48, 50, 53, 58.

Halafu nikaliuliza kila fungu la ziada: utanilipa? Fungu la 45 lingeuzwa siku 6 kati ya 10, faida 4 kila siku, jumla 24. Siku 4 lingebaki, hasara 6 kila siku, nayo 24. Ngoma droo. Fungu la 46 linauzwa siku 5 tu: faida 20, hasara 30. Hapo nikasimama. Maana yake ni kwamba siku 6 kati ya 10 meza yangu ilikuwa tupu kabla ya kufunga. Mwanzoni niliona aibu, mke wangu akaniuliza kama nimefilisika. Lakini kama mboga ndiyo inayomvuta mteja anunue na vitu vingine kwako, ongeza mafungu machache, kwa sababu anayekosa mboga anaondoka na pesa ya vile vingine pia.

Kushusha bei kunaingia hapa, na hesabu inabadilika. Kama fungu lililobaki unaweza kulitoa kwa 4, hasara yake ni 2, si 6. Rudi kwenye orodha ile ile: fungu la 48 linauzwa kwa bei kamili siku 4, faida 16, na siku 6 linapoteza 12. Linalipa. La 49 linaleta 12 na kupoteza 14, halilipi. Kwa hiyo ukiwa na njia ya uhakika ya kutoa mabaki, agiza 48 badala ya 45. Ni hayo matatu tu! Punguzo halikupi ruhusa ya kurudi kwenye 100.

Wanaosubiri jioni wanakuwepo kwa sababu saa yako inajulikana na punguzo lako linagusa meza nzima. Mimi nilifunga mabaki mawili mawili, nikayaweka pembeni, na siku mzigo ukienda vizuri hakuna punguzo kabisa. Anayesubiri anajua anaweza kukosa. Na shusha mboga ikiwa bado inasimama. Ikishalala, hata nusu bei mteja anaikunjia uso.

Jambo la mwisho ni mpangilio, na hapa nilijidanganya kwa muda mrefu. Nilikuwa namwaga mzigo mpya juu ya wa jana. Mteja anachukua juu, wa chini unakaa siku tatu, unavunda na kuchafua ulio juu yake. Siku hizi kila siku ina rangi ya kamba yake. Tenga lisijazwe juu: litoe tupu, lifute, weka mpya chini na ya jana juu. Mezani weka kidogo tu, akiba ikae kivulini, maana mteja akiona rundo atachimbua hadi alifikie jipya. Maji nyunyiza kidogo, usiloweke, majani yaliyolowa yakibanana yanaoza haraka. Na usiyaweke karibu na matunda yanayoiva: hewa yanayoitoa huyafanya majani kuwa ya njano.

Wa samaki msininukuu kwenye punguzo la jioni. Samaki aliyekaa nje ya barafu anaweza kumdhuru mtu kabla hata hajanuka. Huyo hashushwi bei, anatupwa.